Mrejesho: picha ya odomita ya safari ya Singida

Niliuliza: "Dereva amenitumia picha za odomita akidai mafuta ya kutoka Dodoma hadi Singida na kurudi, nitajuaje kama tarakimu zimebadilishwa?"

Ndugu zangu, nawashukuru kwa dhati. Odomita ilisomeka 148,212 asubuhi na 148,700 jioni, yaani kilomita 488, lakini kihesabu cha safari kilicho chini yake, ambacho aliyehariri picha hakukigusa, kilitoka 36 hadi 288, na kilomita hizo 252 zinatosha kufika Manyoni na kurudi tu. Nilipoikuza picha, tarakimu tatu za mwisho zilikuwa safi mno, bila vumbi la kioo lililofifisha nyingine. Nililitazama gari lenyewe kabla halijatoka tena: 148,464. Kipimo hiki hushindwa kihesabu kikirudishwa sifuri njiani, kwa hiyo sasa dereva haruhusiwi kukigusa hadi nilipe.