Naomba ushauri: faiba ikirudi, majibu ya wingu yanabaki handaki la pili

Wakuu, shikamooni na habari za kazi. Ofisi yetu ipo Njiro, Arusha. Nimeiunganisha na mtandao wetu wa wingu kwa mahandaki mawili ya VPN: vti1 inapita kwenye faiba, vti2 kwenye laini ya 4G. Ruta ni ya Linux yenye FRR, na njia zinatangazwa kwa BGP pande zote.

Mwanzo faiba ikikatika tulikaa dakika 3 bila mfumo, maana BGP ilisubiri sekunde 180 kabla ya kumhesabu jirani amekufa. Hilo nimelipunguza kwa kila jirani, nikaanzisha upya vikao:

```
neighbor 169.254.10.1 timers 10 30
```

Sasa trafiki inahamia 4G ndani ya nusu dakika. Nimefurahi sana.

Shida ni faiba inaporudi. Mimi natuma kwa vti1, kwa sababu nimeipa local-preference 200, lakini wingu linaendelea kujibu kwa vti2. Kwenye tcpdump naona kabisa majibu yanaingia vti2, ila mhasibu hapati kitu. Nahisi rp_filter, iliyo kwenye 1, inayatupa.

Naomba kujua: nirefushe AS-path ya matangazo ya vti2 ili wingu lipendelee faiba, au niweke rp_filter kuwa 2 tu? Na je, kurefusha kutachelewesha kuhamia 4G siku faiba ikikatika tena?