Ripoti inasema "zilizochelewa: 0", na tundu lina siku 78!

Msimbati: Wakuu, nimechoka kusaini uongo. Nipo Mtwara mjini, nahudumia seva za ghala moja la korosho. Kanuni yetu ya kuziba matundu ya usalama ni fupi: alama ya hatari 9 kwenda juu siku 7, alama 7 hadi 8.9 siku 30, alama 4 hadi 6.9 siku 90. Lililopitiliza linapelekwa kwa meneja kila Jumatatu.

Tarehe 3 Machi skana ikakamata tundu lenye namba CVE-2022-0847, ile Dirty Pipe ya kernel, yaani kiini cha Linux, alama 7.8, kwenye seva ya mizani. Mwisho 2 Aprili. Tarehe 1 jamaa akaweka kernel mpya, akafunga tiketi, akaenda zake Shangani kula pweza. Seva hakuizima na kuiwasha! Faili jipya lipo kwenye diski, lakini ukiandika

```
uname -r
```

inakujibu kernel ya zamani, na hiyo ndiyo inayofanya kazi. Tarehe 5 Aprili skana ikaliona tena, tiketi mpya, siku 30 mpya. Tarehe 4 Mei ikafungwa vilevile, tarehe 7 ikarudi. Leo 20 Mei ripoti inasema "siku 13, ndani ya muda". Nikiuliza naambiwa mizani haizimwi. Msimu umeisha, hata lori moja getini hakuna!

Nangurukuru: Mkuu punguza jazba. Dirty Pipe inahitaji mtu awe tayari na akaunti ndani ya seva. Ishusheni iwe ya siku 90, yaishe.

Bandarini: Hilo la akaunti ni kweli, ila 7.8 tayari imelihesabu. Ukishusha kwa sababu hiyo unapunguza mara mbili. Tena limo kwenye orodha ya CISA, shirika la usalama wa mtandao la Marekani, ya matundu yanayotumiwa na wadukuzi, kwa hiyo muda ungefupishwa.

Msimbati, kosa lenu ni kuhesabu kutoka tiketi ilipofunguliwa. Hesabu kwa jina la seva na namba ya CVE, kuanzia siku lilipoonekana mara ya kwanza. Mtu akisema amemaliza, tiketi inasubiri skana ipite na isilione, hapo ndipo inafungwa. Kama kweli seva haizimwi, bosi wa ghala asaini msamaha wenye tarehe ya mwisho, na ripoti iuonyeshe peke yake.

Mama Korosho: Samahani, hii mizani ndiyo inayotupunja kilo?

Msimbati: Hapana mama, hii ni habari ya kompyuta.

Kitunda: Huku Lindi natumia Excel tu, B2 ni siku ya kwanza kuonekana:

```
=TODAY()-B2
```

Ila Bandarini, likizibwa kweli, skana ikathibitisha, halafu mtu akarudisha nakala ya zamani ya seva baada ya miezi miwili, tunahesabu toka lini?

Bandarini: Hapo hata sisi ofisini tunabishana. Mimi naanza upya, mkaguzi wetu hataki.

Msimbati: Kwa tarehe ya kwanza nimechelewa siku 48. Jumatatu napeleka hiyo, wanifukuze.