Mpango wa kuwauzia hoteli samaki: ni takwimu gani zinakosekana?

Bint Likoni: Assalaam aleikum, ndugu zangu. Nakusudia kuomba mkopo wa shilingi 600,000 wa miezi 24, ninunue friza na tuktuk, niwauzie samaki aina ya changu hoteli mbili za Nyali. Nimeandika kwamba kila siku nitanunua kilo 40 kwa shilingi 400 na kuuza kwa 550, siku 26 kwa mwezi. Tofauti ni 156,000; nikiondoa kodi, umeme, barafu na mafuta, jumla 60,000, nabaki na 96,000. Hoteli hulipa baada ya siku 60. Naomba mnioneshe palipo dhaifu kabla mkopeshaji hajapaona.

Mwana Kisauni: Dada, punguza mauzo kwa asilimia kumi. Ukiweza bado kulipa, mpango u sawa.

Mzee wa Makupa: Hilo ni jema, lakini akipunguza kilo anazouza, hupungua pia anazonunua, na hesabu itaendelea kupendeza. Binti, hoteli zataka samaki mzima au aliyesafishwa?

Bint Likoni: Aliyesafishwa, mzee wangu. Baada ya swali lako nimepima kilo 10 jikoni. Baada ya kutoa magamba na matumbo, mizani imesoma kilo 8 na robo tatu.

Mzee wa Makupa: Basi kilo 40 unazolipia ni 35 unazouza. Mapato ya siku ni 19,250, si 22,000, na tofauti ya mwezi inashuka hadi 84,500. Ukitoa zile 60,000 unabaki na 24,500, ilhali mkopo wenyewe, bila riba, unadai 25,000 kila mwezi. Tena kwa siku 60 utakuwa unanunua kwa fedha taslimu pasipo kulipwa: manunuzi ya mwezi, 416,000, mara mbili ni 832,000, kiasi kinachopita mkopo unaouomba, na mpango wako haukitaji popote. Andika jedwali la fedha zinazoingia na kutoka mwezi kwa mwezi. Miezi miwili ya mwanzo itakuonyesha shimo hilo.

Mama Kongowea: Mimi nilikataliwa mkopo wa duka kwa kukosa dhamana. Je, kitabu cha tuktuk kinatosha?

Mzee wa Makupa: Mama, hilo ni swali jingine, dhamana haizibi hesabu isiyolipika. Binti, umeweka msimu wa kusi kwenye hesabu? Upepo ukichafua bahari, samaki hupungua na bei hupanda, na kuanzia Aprili wageni hotelini nao ni wachache.

Mwana Kisauni: Akiionyesha miezi hiyo mibaya, si atanyimwa?

Mzee wa Makupa: Afisa wa mikopo wa Mombasa anaijua kusi. Asipoiona, atashuku na yaliyobaki.

Mwana Kisauni: Mimi sijaridhika. Wengine husoma mstari wa faida tu.

Bint Likoni: Nimerudi hotelini kuomba shilingi 630 kwa kilo iliyosafishwa, ili nirudie tofauti niliyoikadiria, na malipo ya siku 30. Moja imekubali siku, si bei. Ya pili haijajibu, kwa hiyo sijapeleka maombi.