Mrejesho: tangazo la kufunga duka, Moshi

Niliuliza: "Nafunga duka moja kwa moja. Wateja wangu wa siku zote niwaandikie nini, na madeni niyataje?"

Wakuu, nilibandika hivi mlangoni:

"Wateja wetu wapendwa, Jumamosi jioni tunafunga kabisa. Asanteni kwa kutuunga mkono. Aliyeacha hela ya chupa za soda aje na chupa zake arudishiwe. Baada ya hapo msilipie chochote kwa namba yetu ya lipa."

Madeni sikuyaandika, tangazo la shukrani likidai, watu wanasoma deni tu. Wa kwenye daftari niliwapigia mmoja mmoja. Wengi wamelipa. Mama mmoja kaleta mkungu wa mshare, nikafuta jina lake. Ndizi zenyewe zilizidi deni!