Alto au soprano? Dada anashuka F anapanda E, natakiwa kumpanga Jumamosi

Fimbo_Mpya

Habari zenu wakuu. Nasomea muziki, mwaka wa pili, na kwa sasa niko kwenye mafunzo ya vitendo. Nimepewa kwaya ya watu 26 niiongoze, na Jumamosi natakiwa kuwapanga wageni kwenye sauti zao. Wengine hawana shida, ila kuna dada mmoja ananichanganya. Nimempima kwa kinanda: anashuka mpaka F, anapanda mpaka E, hapo anakwama. Akiimba chini ana sauti nene tamu sana. Mwalimu wa kwaya anasema alto, yeye mwenyewe anasema alikotoka alikuwa soprano. Naona njia tatu: nimweke alto, nimweke soprano, au abadilishe kulingana na wimbo. Ninyi mngechagua ipi?

BesiYaChini

Alto, hata usijisumbue kupima. Alto wanaimba kwa sauti ya kifua, soprano kwa sauti ya kichwa. Mwambie ahesabu moja mpaka kumi kwa sauti yake ya kuongea, ikiwa nzito basi umemaliza kazi.

Mama_Solfa

F ipi na E ipi? Kinanda cha vidole 61 kina F tano. Tuandikie kwa namba, C ya katikati iwe C4, tusije tukabishana kuhusu mtu mwingine. Halafu tuambie umri wake, kama alipasha sauti kwanza au ulimpima akishuka tu kwenye daladala, na aliimba kwa irabu gani. Kubwa kuliko yote: alipokwama, alikwama vipi? Sauti iliisha taratibu, ilikatika, au alianza kupiga kelele? Bila hilo hakuna anayeweza kukujibu.

BesiYaChini, umepatia nusu. Sauti ya kuongea inaonyesha kidogo mtu anashuka wapi, lakini wasichana wengi huongea chini au juu kwa mazoea tu. Na hilo la alto kuimba kwa kifua ndilo linaloharibu alto wetu, tutalirudia.

Fimbo_Mpya

Samahani wakuu. Ni F3 mpaka E5. Ana miaka 22. Hakupasha sauti, tulikuwa na haraka. Aliimba "a" kwa nguvu, nota moja moja kwenda juu. Karibu na D4 nilisikia sauti ikibadilika rangi, kutoka nene kwenda nyembamba. Pale E5 hakupiga kelele, sauti ilikatika ghafla, ikatoka pumzi tupu, akacheka akaacha.

Vidole_Kumi

Kabla hamjaendelea: kijana, angalia kwenye skrini ya kinanda, Transpose inasomaje?

Fimbo_Mpya

Duh. +2. Mpigaji aliiacha hivyo tangu ibada ya Jumapili.

Vidole_Kumi

Ndiyo hivyo. Vipimo vyako vyote viko chini kwa toni nzima. Ulibonyeza F3 ikalia G3, ulibonyeza E5 ikalia F#5. Wapigaji wetu wanajua kupiga kwenye C na F tu, kinachobaki wanamwachia transpose. Siku ya kupima, hakikisha inasoma 0, au tumia uma wa nota.

Mama_Solfa

Sasa picha imegeuka. Dada anashuka G3, anabadilika rangi karibu na E4, na anakatika F#5. Tuanzie katikati.

Ukiimba kwa kifua, nyuzi za sauti zinakuwa fupi na nene, zinagusana kwa upana. Ukipanda kwa sauti ya kichwa, zinavutwa, zinakuwa ndefu na nyembamba, zinagusana kingoni tu. Mahali pa kupokezana ndipo panapoitwa daraja. Daraja la chini, maeneo ya D4 mpaka F4, karibu kila mwanamke analo, soprano kwa alto. Kwa hiyo kusikia badiliko pale E4 hakukuambii chochote kuhusu kumpanga.

La juu ndilo linalosema zaidi. Walimu wengi wa uimbaji huliweka karibu na F#5 kwa soprano, E5 kwa sauti ya kati, na D5 kwa alto wa kweli, ambao ni wachache mno. Linaweza kusogea nusu toni huku au kule kwa sababu ya irabu au uchovu, usilishike kama sheria. Lakini tazama huyu wako: alibeba "a" pana, yenye nguvu, bila kupasha, akaenda nayo hivyo hivyo mpaka F#5, ikakatika. Huo sio mwisho wa sauti yake. Sauti ikifika mwisho hubana na kuwa nyembamba taratibu. Ikikatika ghafla ikatoa pumzi, ujue amefika darajani na mzigo mzito kuliko daraja linavyobeba.

Mpime upya. Apashe dakika kumi. Anzia juu ushuke, usianzie chini, maana akianzia chini atabeba kifua kwenda nacho juu. Mpe s f m r d kwa "u", polepole, Doh ni D, yaani s yake ni A4. Pandisha nusu toni kila mara. Ukifika s ni E5, acha nota, mwambie alie kama king'ora kwa "u" ndogo kutoka E5 kwenda juu na kurudi. Usimwambie jina la nota anayofika, akiijua ataiogopa.

Fundi_Noti

Mama Solfa yuko sahihi kuhusu daraja, ila mnampa kijana swali lisilo lake. Yeye hatafuti jina la sauti ya huyu dada. Anatafuta mahali pa kumsimamisha. Wanawake wengi wana sauti ya kati, na kwaya ya sauti nne haina nafasi ya sauti ya kati. Popote utakapomweka utakuwa umembana kidogo.

Cha kuangalia ni sauti inakaa wapi muda mrefu, sio inagusa wapi mara moja. Chukua wimbo wenu wowote wa Doh ni F. Alto mara nyingi anatembea kati ya s ya chini na m, yaani C4 mpaka A4. Angalia hapo: daraja la chini liko katikati kabisa ya njia yake. Alto anavuka na kurudi kila mstari. Ndiyo maana wale wa BesiYaChini wanaobeba kifua mpaka A4 wanasikika kama wanaita mtu ng'ambo ya barabara, na kimo kinashuka. Mwalimu akipandisha Doh iwe G ili wimbo "uchangamke", ile m inakuwa B4, na hapo ndipo alto wote wanapiga kelele.

Mpe mstari wa alto aurudie mara tatu bila kupumzika, kisha wa soprano mara tatu. Usisikilize uzuri. Angalia kidevu kama kinainuka, mshipa wa shingo kama unatoka, na linganisha nota ya mwisho na kinanda kama imeshuka.

BesiYaChini

Kwa hiyo alto waimbe kichwa? Watasikika kama watoto.

Fundi_Noti

Wachanganye. Kuanzia E4 wapunguze uzito kidogo kidogo wakipanda, wasisubiri ikatike yenyewe. Zoezi lake ni kushuka: anzia A4 kwa "u" nyepesi, shuka mpaka C4 bila kuongeza nguvu. Mwanzoni chini patakuwa na pumzi nyingi, mpe wiki kadhaa.

Dada_Mkutubi

Fimbo_Mpya, ile njia yako ya tatu iangalie sana, maana huanza hivyo hivyo kwa "leo tusaidie". Kuna msichana wa kwaya moja alikuwa na sauti kama ya huyu wako. Wanaume walipopungua akaambiwa asaidie sauti ya tatu, kwa kuwa "anashuka vizuri". Sauti ya tatu ikiimbwa na mwanamke inakaa G3 mpaka E4, yote ni kifua, na ili asikike kati ya wanaume ilibidi asukume. Aliimba hivyo karibu miaka miwili. Kitu cha kwanza kupotea kilikuwa uimbaji wa taratibu: kwa nguvu aliweza, kwa upole sauti haikutoka kabisa. Kisha kati ya F4 na B4 pakawa na shimo, pumzi tupu. Akirudishwa alto anakwama, akirudishwa soprano hafiki. Watu wakasema ni mafua, akapewa tangawizi na asali. Baadaye daktari wa masikio, pua na koo alipochungulia akakuta vinundu kwenye nyuzi. Alipumzishwa, akafundishwa upya kutoa sauti, na ilichukua miezi.

Kipimo rahisi cha kila wiki: mwambie aimbe mstari mfupi juu kwa sauti ndogo kabisa. Siku atakayoweza kwa nguvu tu, msimamishe. Na ukwaruzaji ukizidi wiki tatu, hospitali.

Vidole_Kumi

Ila tangawizi inasaidia bwana, wacheni hizo. Na yai bichi.

Mama_Solfa

Unachokimeza hakipiti kwenye nyuzi za sauti, kingepita ungepaliwa. Maji ya kutosha siku nzima yanasaidia kwa kupitia mwili. Yai kaanga.

Vidole_Kumi

Mbona wazee wetu walikunywa na waliimba?

Tatu_Bila

Naomba kuuliza na mimi, naona ni jambo moja. Mimi naimba sauti ya tatu, nikifika G4 inapasuka, inakuwa ya kike. Nihamie besi?

Fundi_Noti

Siyo jambo moja, ila jibu ni fupi. Kwa mwanaume wa sauti ya tatu daraja liko karibu D4 mpaka G4, kwa besi liko chini zaidi, A3 mpaka D4 hivi. Kupasuka G4 hakukufanyi besi, inawezekana unafika pale mdomo umeupanua na kidevu juu. Funga irabu kidogo, "a" ielekee "o". Ile ya kike ni falseto, itumie kupima njia, usiifiche.

Fimbo_Mpya

Nimerudi. Nimempima jana, transpose 0, amepasha. Kwa "u" ya king'ora amegusa A5, na G5 anaishika vizuri. Chini ya A3 sauti inafifia. Mstari wa alto mara tatu hakuchoka. Wa soprano mara tatu hakuchoka pia, ila kidevu kiliinuka kwenye F5. Tatizo sikuwaambia: nina alto watatu tu, soprano tisa.

Mama_Solfa

Hilo ungelisema mwanzo! Ni soprano ambaye hajafundishwa daraja la juu. Ningempeleka huko.

Fundi_Noti

Mimi alto, kwa msimu huu tu, kwa kuwa chini hachoki na kwaya ina upungufu. Ila asimame mpakani, jirani na soprano, asije akaiga kifua cha wale watatu. Na kila mazoezi apashe sauti na soprano mpaka G5.

Mama_Solfa

"Msimu huu tu" ndiyo ile ya yule msichana wa Dada Mkutubi.

Fundi_Noti

Yule alisukumwa mpaka G3 kati ya wanaume. Huyu atakaa C4 mpaka A4. Haifanani.

Dada_Mkutubi

Inategemea nani anaamua Doh. Fimbo, ni wewe au mpigaji?

Fimbo_Mpya

Mpigaji.

Tatu_Bila

Hiyo "a" ielekee "o" nimejaribu, sasa inapasuka kwenye F4. Nakosea wapi?