Dastibini ya kuvuta ndani ya kabati la jikoni: mlango ubaki kwenye bawaba au ufungwe kwenye fremu?

Mpangaji wa Sinza:
Habari zenu wakuu. Kabati langu lina upana wa sentimita 40 kwa nje, na kwa kuwa bodi zake ni za milimita 18, ndani inabaki sentimita 36.4. Fundi anataka kufunga reli chini na kuuacha mlango kwenye bawaba zake, ilhali muuzaji wa Kariakoo anasisitiza kuwa mlango ufungwe kwenye fremu, utoke pamoja na ndoo. Fremu yenyewe ina upana wa sentimita 34 na ndoo mbili za lita 15, moja nyuma ya nyingine. Nichague ipi?

Mzee wa Vyombo:
Funga mlango kwenye fremu. Ukiwa na magamba ya samaki mikononi utavuta mara moja tu, na kwa vile bawaba hazibebi kitu, unaweza kuweka ndoo ya ukubwa wowote.

Dada Mbezi:
Mimi yangu inaning'inia kwenye mlango chini ya sinki. Bodi imevimba penye skrubu na mlango umelala upande. Sikushauri kabisa.

Fundi Kabati:
Dada, hiyo ni aina nyingine. Hiyo uzito wake wote huangukia bawaba, kwa hiyo inafaa ndoo ndogo tu. Mzee, bawaba hazibebi, lakini reli zinabeba, na kiwango chake huandikwa kwenye boksi.

Mleta uzi, usiamini ile 36.4 peke yake. Mlango wa bawaba ukifunguka nyuzi 90 huwa unaingia kidogo kwenye uwazi. Ufungue mpaka mwisho, kisha pima kuanzia uso wa mlango, au mkono wa bawaba ikiwa ndio uliojitokeza zaidi, hadi ubavu wa pili. Ukipata 33.5, fremu ya 34 itaukwaruza mlango kila ukivuta. Ukiufunga mlango kwenye fremu, bawaba zinaondolewa na tatizo hilo linakwisha, ila hakikisha vishikio vina matundu marefu ya kurekebishia, la sivyo mlango hautalingana na wa jirani yake. Skrubu zisizidi milimita 16, maana ndefu zaidi zitatokeza upande wa mbele.

Dukani, vuta reli hadi mwisho. Zisipotoka zote, ndoo ya nyuma itabaki nusu chini ya kaunta na utaitoa kwa kuiinamisha.

Mpangaji wa Sinza:
Nimepima, ni 33.2. Basi mlango unafungwa kwenye fremu. Je, lita 15 za mabaki ya chakula si nyingi kwa joto hili? Tuko watano.

Mzee wa Vyombo:
Watano wanazijaza, hizo si nyingi.

Dada Mbezi:
Zikijaa baada ya siku mbili, nyumba itanuka. Mimi ningeweka ndogo ya lita 8 na kuimwaga kila jioni.

Fundi Kabati:
Kabla ya kubadilisha, angalia kama ndoo ndogo itakaa kwenye tundu la fremu hiyo. Nyingi hukaa kwa ukingo wake, na ikiwa nyembamba itadumbukia.