Naomba ushauri: bajeti ya fedha ya duka inaonyesha salama, lakini roho haitulii

Kauzu_Mpole: Habari za jioni wakuu. Nina duka dogo, nakopesha wateja na mimi nachukua mali kauli kwa msambazaji. Mwezi huu nimeuza 1,000 na uliopita 1,000 (hesabu zote kwa maelfu), mwezi ujao nategemea 1,200. Matumizi 200, yaani pango, kijana wa dukani na hela ya nyumbani. Mali ya kuuza 1,200 hunigharimu kama 840. Nimepiga hesabu, nabaki na 160. Je, hiyo ndiyo bajeti ya fedha?

MpigaHesabu: Ndiyo, mauzo toa gharama ya mali toa matumizi. Uko vizuri, endelea kukaza.

MamaWawili: Hiyo 160 ni faida, mdogo wangu, siyo hela. Bajeti ya fedha haiulizi umeuza nini, inauliza lini hela inaingia mkononi na lini inatoka. Katika 1,000 unayouza, ngapi unashika palepale? Nyingine zinakuja lini? Na msambazaji unamlipa lini?

Kauzu_Mpole: Nusu taslimu. 30 kwa mia hulipa mwezi unaofuata, 15 kwa mia mwezi wa pili yake, 5 hazirudi. Msambazaji namlipa mwezi mmoja baada ya kuchukua mali. Kwenye droo nitafunga mwezi na 200.

Shemeji_Kopa: Mimi shemeji yangu alinikopa hadi duka likafungwa, na kwenye vikao vya familia bado anakaa kiti cha mbele. Futa neno kukopa dukani kwako!

MamaWawili: Akilifuta, nusu ya wateja wanahama. Tuendelee. Mwezi ujao utaingiza 600 za taslimu, 300 za mauzo ya mwezi huu na 150 za mwezi uliopita. Jumla 1,050. Zile 5 kwa mia usiziandike popote. Sasa upande wa kutoka: mwezi huu umechukua mali ya kiasi gani?

Kauzu_Mpole: Kawaida huchukua 700.

MamaWawili: Sijauliza kawaida. Nimeuliza mwezi huu.

Kauzu_Mpole: 1,400. Msimu unakuja na alinipunguzia bei kidogo, nisingeiacha ile nafasi. Nimeshampa hundi ya tarehe 7.

Mzee_Daftari: Tamaa hiyo kijana. Mali kauli ni deni, na deni halilali.

MamaWawili: Basi ndiyo maana roho haitulii. Ungechukua 700: 200 za droo, jumlisha 1,050, toa 700, toa matumizi 200, unafunga mwezi na 350. Kwa 1,400 unafunga na upungufu wa 350. Na hiyo ni picha ya mwisho wa mwezi tu. Wadaiwa wako hulipa tarehe ngapi?

Kauzu_Mpole: Wengi kuanzia tarehe 25.

MamaWawili: Kwa hiyo asubuhi ya tarehe 7 una 200 za droo na labda 150 za mauzo ya wiki ya kwanza. Hundi ni 1,400. Pengo ni 1,050, mara tatu ya lile la mwisho wa mwezi. Bajeti ya mwezi mzima inalificha. Igawe kwa wiki, utaliona.

Jicho_Tatu: Subirini. 1,000, 1,000, 1,200, nusu kwa nusu? Namba zimenyooka kama za mtihani. Hii ni kazi ya chuo, mnamfanyia mtu asainimenti bure.

Mzee_Daftari: Hata mimi nilihisi.

Kauzu_Mpole: Nimezungusha namba ili zisomeke. Kwenye daftari mwezi huu ni 1,013. Ukurasa wa madeni una mteja mmoja mwenye mistari mitatu, wa kwanza nimeuandika kwa penseli kwa sababu alibisha. Mwanafunzi gani ana mteja wa hivyo?

Jicho_Tatu: Sawa, ila bado sijashawishika.

MpigaHesabu: Chukua mkopo wa miezi mitatu, uzibe pengo.

MamaWawili: Mkopo unaziba tarehe 7, lakini marejesho nayo yanaingia kwenye bajeti ile ile. Kwanza mfuate msambazaji kabla hajapeleka hundi benki. Mwombe alipwe 300 tarehe 7, 750 tarehe 30, na 350 mwezi unaofuata. Mwezi ujao agiza kidogo sana, mali unayo. Hapo mwezi huo unaofuata hutakuwa na deni kubwa jipya, na ile 350 italipika.

Kauzu_Mpole: Nikiomba hivyo ataniondolea lile punguzo.

MamaWawili: Punguzo lilikuwa kiasi gani?

Kauzu_Mpole: 3 kwa mia.

MamaWawili: Ni 42 hivi. Na hundi ikidunda, atakupa tena mali kauli?

Kauzu_Mpole: Nitampigia kesho asubuhi. Ila kama wateja wa msimu watawahi kuja wiki ya kwanza, si nitakuwa nimejiharibia bure?